ED ya siku saba, mguu wa wiki sita: kuomba kutoshiriki michezo kwa vitendo

Karatasi ya ED, yaani ya kuruhusiwa kupumzika kwa ugonjwa, inayotoka hospitali mara nyingi husema siku tatu, tano au saba. Kifundo cha mguu kilichoteguka vibaya huhitaji wiki sita, pengine zaidi. Hapo katikati ndipo mwanafunzi, mzazi na mwalimu wa michezo wanapogombana. Siku ya nane mwalimu anaona karatasi imeisha muda na anamtaka mtoto uwanjani. Mtoto anasema mguu bado. Mzazi anapiga simu kwa hasira, kisha kila upande unaanza kumshuku mwenzake: huyu anadeka, yule mkatili.

Kwa kawaida hakuna anayedanganya. Karatasi ile iliandikwa kujibu swali moja, nayo inatumiwa kujibu maswali matatu. Swali la kwanza ni kama mwanafunzi ahudhurie kipindi. La pili ni kama mwili wake ufanye yale yanayofanywa kwenye kipindi. La tatu ni alama zake zitakuwaje. Daktari ana mamlaka juu ya swali la pili peke yake. La kwanza na la tatu ni ya shule, hata muhuri wa hospitali uwe mkubwa kiasi gani. Ombi linaloyachanganya yote matatu kwa sentensi moja, "naomba niondolewe kwenye michezo", humwacha mkuu wa shule akibahatisha, na akibahatisha atachagua kilicho rahisi kwake: kukubali yote au kukataa yote.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Binti wa kidato cha tatu, miaka 16, anasoma somo la Michezo katika shule ya bweni nchini Tanzania na anacheza netiboli, nafasi ya mfungaji. Jumamosi tarehe 12 Julai anaruka kudaka mpira, anatua juu ya kiatu cha mwenzake, na wayo unageukia ndani. Anasikia kitu kama kukatika upande wa nje wa kifundo. Baada ya nusu saa pamevimba kiasi cha yai.

Hapa kuna jambo ambalo huharibu mengi kabla hata barua haijafikiriwa. Bwenini, tiba ya kwanza ni kukandwa kwa maji ya moto, na akitokea mwenye mikono ya nguvu, kuvutwa mguu "urudi mahali pake". Joto na kusugua katika siku mbili tatu za mwanzo huongeza damu inayovujia kwenye jeraha, na uvimbe huzidi. Kuvuta kifundo ambacho hakijapigwa picha ni hatari kabisa, kwa sababu mvutaji hajui kama pana mfupa uliovunjika. Kinachofaa usiku ule ni kuupumzisha mguu, kuuinua juu ya mto, kuukaza kwa bandeji bila kuzuia damu, na kuweka barafu iliyozungushiwa kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, kisha kuipumzisha ngozi.

Kisha linakuja swali la kwenda hospitali na la eksirei. Matabibu wana kipimo chepesi ambacho mwalimu wa zamu pia anaweza kukielewa, kilichotengenezwa Ottawa, Kanada, na kuchapishwa mwaka 1992. Wakati wa kuumia au wakati wa kuchunguzwa, je, majeruhi aliweza kupiga hatua nne, hata kwa kuchechemea? Na je, anaumia akibonyezwa kwenye mfupa wenyewe, yaani ukingo wa nyuma na ncha ya ile nundu ya mfupa iliyo pembeni mwa kifundo, nje au ndani, kwa urefu wa sentimita sita kwenda juu, au kwenye mfupa wa katikati ya wayo upande wa kidole gumba, au ule wa ukingo wa nje? Kama hawezi hatua nne, au mfupa unauma, apigwe picha. Kama anaweza kutembea na maumivu yako kwenye nyama tu, uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana. Binti wetu alishindwa hatua ya pili. Akapelekwa hospitali ya wilaya, akapigwa picha, mfupa ukaonekana mzima. Jeraha liko kwenye ligamenti za upande wa nje, zile nyuzi ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa. Tabibu akamfunga bandeji, akampa magongo, dawa ya maumivu, na ED ya siku saba: 12 hadi 18 Julai.

(Kwa mtoto mdogo zaidi, wa darasa la sita au kidato cha kwanza, picha safi isimfurahishe mtu haraka. Mifupa inayokua ina tabaka laini karibu na ncha zake, na tabaka hilo huweza kuumia kabla ligamenti haijakatika, pasipo kuonekana kwenye eksirei ya siku ya kwanza. Ndiyo maana daktari huweza kumfunga POP mtoto ambaye picha yake "haina kitu".)

Siku saba zile zilikuwa sahihi kwa kazi yake. ED humwambia mkuu wa shule kwamba mtu huyu kwa siku hizi hawezi majukumu yake ya kawaida na anastahili kupumzika. Haielezi jeraha litapona lini. Tabibu wa zamu Jumamosi usiku hawezi kulijua hilo, maana uvimbe unaficha. Uchunguzi wa maana hufanyika siku ya tano hadi ya saba, uvimbe ukiwa umepungua na kifundo kikiweza kushikwa na kuchezeshwa kuona kimelegea kiasi gani. Kwa hiyo karatasi muhimu zaidi kwa shule ni ile ya kliniki ya marudio, Ijumaa tarehe 18, ambayo wengi hawaendi kwa sababu maumivu yamepungua na nauli inauma.

Siku hiyo daktari anakuta ligamenti moja imechanika kwa sehemu. Wataalamu huyaweka majeraha haya katika madaraja matatu. Daraja la kwanza nyuzi zimenyooshwa tu, na mtu hurudi mchezoni baada ya wiki moja au mbili. Daraja la pili zimechanika kwa sehemu, na huchukua wiki tatu hadi sita. La tatu zimekatika kabisa, na miezi mitatu si ajabu. Binti yuko daraja la pili.

Sababu ya wiki zile kuwa nyingi kuliko maumivu ndiyo kiini cha ugomvi wote, kwa hiyo nitaikalia kidogo. Maumivu huondoka mapema, aghalabu ndani ya wiki mbili. Wakati huo nyuzi mpya zimeshaanza kuziba mchaniko, lakini bado ni dhaifu na hazijapangika, na uimara wake utaendelea kujengeka kwa miezi. Jambo la pili halionekani kabisa kwa macho. Ndani ya ligamenti kuna ncha za neva zinazouarifu ubongo kila sekunde kifundo kimelala vipi, ili misuli ya pembeni ikaze kabla wayo haujapinduka. Ligamenti ikichanika, taarifa hizo huchelewa. Mwanafunzi anatembea vizuri, anapanda ngazi, hachechemei, na kila anayemtazama anasema amepona. Mwambie akimbie na kugeuka ghafla, misuli inachelewa kidogo tu, na kifundo kinateguka tena mahali palepale. Anayekataa kukimbia wiki ya tatu huku akitembea kwa madaha kwenda bwalo la chakula anaweza kuwa mkweli kabisa.

Na bado sikubaliani na wazazi wanaotaka mtoto akae kitandani wiki sita zote. Kifundo kilichoteguka kikifungwa na kuachwa hukakamaa, misuli ya shavu la mguu hunywea, na zile taarifa za neva hazirudi zenyewe. Lazima zifundishwe upya kwa mazoezi: kuchora herufi hewani kwa ncha ya kidole gumba, kuinuka kwa vidole ukishika ukuta, kusimama kwa mguu mmoja ukipiga mswaki, baadaye ukiwa umefumba macho. Kwa hiyo pendekezo la daktari linalosema "apumzike" tu halimtoshi mwanafunzi, na lile linalosema "asifanye michezo" nalo halimtoshi.

Tufike kwenye pendekezo lenyewe. Hivi ndivyo lilivyo mara nyingi: mstari mmoja, kwa Kiingereza cha hospitali, wenye vifupisho. Mwalimu anaona 6/52 na hajui ni nini. Kwa matabibu, namba ya chini ndiyo kipimo: saba ni siku za wiki, 52 ni wiki za mwaka, 12 ni miezi. Basi 5/7 ni siku tano, 6/52 ni wiki sita, 3/12 ni miezi mitatu. Mwalimu asiyejua husoma 3/12 akadhani ni tarehe 3 Desemba, na kwa jeraha la Septemba hesabu hizo mbili zinakaribiana kiasi kwamba kosa halitagundulika. TCA yenye tarehe mbele yake ni siku ya kurudi kliniki. Baya zaidi ni herufi STI, ambazo kwa baadhi ya matabibu ni ufupisho wa majeraha ya misuli na nyama laini, lakini kwa mwalimu, na kwa mwanafunzi mwenzake atakayeiona karatasi mezani, ni magonjwa ya zinaa. Nusu dakika ya kumwomba daktari aandike maneno kamili, tena kwa Kiswahili kama inawezekana, inaokoa mengi.

Kuna la kumwomba jingine, nalo ndilo ningependa kila mzazi aende nalo kliniki. Mwombe daktari ataje miondoko, asitaje somo. Akiandika "asishiriki somo la Michezo", amemkinga binti katika vipindi viwili vya wiki peke yake. Mguu wenyewe unatumika kutwa nzima. Kuna mchakamchaka alfajiri. Kuna gwaride la asubuhi, dakika 20 za kusimama. Kuna zamu ya kuchota maji na ndoo ya lita 20 kichwani kwenye njia ya mawe. Kuna kufyeka. Na tusijifanye hatujui, kuna mwalimu wa zamu ambaye akimkuta amechelewa atamwamuru aruke kichurachura, na akionyeshwa karatasi atajibu kwamba karatasi inahusu michezo na hii ni adhabu. Kichurachura kwa kifundo cha wiki ya tatu ni kibaya kuliko netiboli.

Pendekezo zuri basi lingesomeka hivi: "Mwanafunzi huyu ana jeraha la ligamenti za kifundo cha mguu wa kulia alilolipata tarehe 12 Julai. Hadi tarehe 22 Agosti asikimbie, asiruke, asichuchumae kwa muda mrefu, asibebe mzigo mzito akitembea, na asisimame mfululizo zaidi ya dakika 10. Anaruhusiwa kutembea, kufanya mazoezi ya mikono na kiwiliwili akiwa ameketi, na anapaswa kufanya mazoezi ya kifundo aliyofundishwa mara mbili kila siku. Atachunguzwa tena tarehe 22 Agosti." Chini yake jina la daktari, cheo, namba ya usajili, sahihi, tarehe na muhuri wa hospitali, juu ya karatasi yenye nembo.

Angalia kilichomo na kisichomo. Haina historia ya ugonjwa, haina majina ya dawa, haina majibu ya vipimo. Shule haihitaji hayo ili kupanga kipindi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, taarifa za afya nchini Tanzania zinahesabiwa kuwa nyeti, na karatasi inayopita kwa mwalimu wa darasa, mwalimu wa michezo, matroni na mwalimu wa zamu ina macho mengi. Kwa jeraha la mguu hilo linaonekana dogo. Kwa mwanafunzi ambaye mguu wake unauma kwa sababu ya selimundu, si dogo hata kidogo. Huyo anaweza kuomba pendekezo linalotaja mipaka ya mwili bila kutaja chanzo.

Shule nayo ina haki ya kuhakiki. Karatasi za uongo zipo, tena kwenye maduka ya stesheneri muhuri hauna gharama kubwa. Njia ya heshima ni kupiga simu au kuandika hospitalini na kuuliza kama karatasi hiyo imetoka kwao, kwa jina na tarehe. Namba ya usajili nayo inaweza kuulizwa kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, kama aliyesaini ni daktari. Zipo dalili za kawaida za kushtua: tarehe iliyofutwa na kuandikwa upya, karatasi iliyoandikwa baada ya mtihani lakini ikirudishwa nyuma hadi kabla yake, maneno "hadi itakapoamuliwa vinginevyo" badala ya tarehe ya mwisho. Karatasi ya mganga wa kienyeji anayeunga mifupa, hata akiwa hodari na familia inamwamini, shule haiwezi kuitumia kama pendekezo la kitabibu. Na jeraha likiwa limetokana na kugongwa na pikipiki au kupigwa, hospitali itaulizia fomu ya polisi, PF3. Mzazi aishughulikie mapema, maana kuikosa huchelewesha makaratasi mengine yote.

Sasa barua ya ombi. Pendekezo la daktari ni kiambatisho, haliombi chochote. Anayeomba ni mwanafunzi, na kwa kuwa ana miaka 16, mzazi au mlezi atie sahihi pia. Inaandikwa kwa mkuu wa shule na kupitia kwa mwalimu wa darasa, ambaye ataandika maoni yake mafupi pembeni kabla ya kuipandisha. Kwenye shule ya bweni ni busara nakala ifike kwa matroni, kwa sababu mchakamchaka na zamu za maji ziko mikononi mwake kuliko mwa mwalimu wa somo. Binti aliandika hivi, nami nimeondoa jina na shule:

Kidato cha Tatu B,
S.L.P. …
21 Julai 2025

Mkuu wa Shule,
S.L.P. …

K.K. Mwalimu wa Darasa, Kidato cha Tatu B

Ndugu Mwalimu,

YAH: OMBI LA KUTOFANYA BAADHI YA MAZOEZI YA VITENDO HADI TAREHE 22 AGOSTI 2025

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 12 Julai niliumia kifundo cha mguu wa kulia nikiwa kwenye mazoezi ya netiboli. Nilitibiwa hospitali ya wilaya na nikarudi kliniki tarehe 18 Julai. Daktari amependekeza nisikimbie, nisiruke, nisichuchumae kwa muda mrefu wala kubeba mzigo mzito hadi tarehe 22 Agosti. Pendekezo lake nimeliambatisha.

Naomba mambo matatu. Kwanza, niendelee kuhudhuria vipindi vyote vya Michezo, nikipangiwa kazi ninazoweza kufanya nikiwa nimeketi au nikitembea. Pili, mipaka aliyoitaja daktari izingatiwe pia katika mchakamchaka, usafi na shughuli nyingine za shule. Tatu, majaribio ya vitendo yatakayofanyika kabla ya tarehe 22 Agosti niahirishiwe, nifanye baada ya kuruhusiwa na daktari.

Nitaleta majibu ya uchunguzi wa tarehe 22 Agosti siku nitakayorudi kliniki.

Wako mtiifu,
(sahihi ya mwanafunzi)
(jina na sahihi ya mzazi)

Viambatisho: nakala ya ED ya tarehe 12 Julai, nakala ya pendekezo la daktari la tarehe 18 Julai

Nakala: Mwalimu wa Michezo, Matroni

Halisi za karatasi za hospitali abaki nazo mwenyewe. Ofisi ya shule hupoteza, na kliniki ya Agosti itazitaka.

Ombi la tatu ndilo wengi hulisahau, kisha wanalia mwisho wa muhula. Mwalimu akiwa na jaribio la kukimbia mita 100 na kuruka chini Agosti, asiyefanya ataandikwa hakuwepo, na kutokuwepo mara nyingi huishia kuwa sifuri kwenye hesabu ya wastani. Njia nyingine ni mwalimu mwema kumkadiria: "huyu ni mchezaji mzuri, mpe 70." Hiyo nayo sipendi, kwa sababu alama ya kukisia haina utetezi mwanafunzi mwingine akiihoji. Kuahirisha ni safi zaidi. Pia shule inaweza kumpa jaribio mbadala linalopima ujuzi uleule: kuchezesha mechi kama mwamuzi akiwa pembeni mwa uwanja na kutaja makosa, kuandika mpango wa mazoezi ya wiki mbili kwa mrukaji, kupasi na kudaka mpira akiwa ameketi kwenye benchi. Lakini mbadala uamuliwe na kuandikwa kabla ya jaribio, na ulingane kwa uzito na lile la wenzake.

Kwa mwanafunzi wa kidato cha nne mambo yanabadilika. Mkuu wa shule anaweza kuahirisha jaribio lake la ndani, hawezi kuahirisha mtihani wa taifa. Huo ni wa Baraza la Mitihani, NECTA, na anayewasiliana na Baraza ni shule kwa niaba ya mtahiniwa. Mguu ukivunjika miezi miwili kabla ya mtihani wa vitendo, pendekezo la daktari lipelekwe kwa mkuu wa shule wiki hiyohiyo ili aulize mapema. Kulipeleka asubuhi ya mtihani ni kumwomba msimamizi atoe ruhusa ambayo hana.

Mkuu wa shule ya binti wetu alikubali yote matatu, akaandika pembeni mwa barua tarehe na sahihi, nakala zikaenda. Mwalimu wa michezo akampa saa ya kupimia muda, filimbi na daftari la matokeo. Wiki ya tatu akaanza kuinuka kwa vidole. Wiki ya nne mwalimu mmoja wa zamu alimtoa nje na wenzake waliochelewa, wakaamriwa kichurachura. Binti akataja barua, matroni akaitwa, ikaisha. Bila ile sentensi ya pili ya ombi lake ingekuwa ni ubishi.

Tarehe 22 Agosti akarudi kliniki. Tarehe peke yake haimrudishi mtu uwanjani, kwa kuwa wiki sita ni makadirio yaliyofanywa siku ya sita ya jeraha. Kinachomrudisha ni vipimo, na vingi havihitaji mashine. Kubonyeza mfupa na ligamenti, hakuna maumivu. Kusukuma goti mbele wayo ukiwa umelala chini, pande zote mbili sawa. Kusimama kwa mguu mmoja kwa sekunde 30 bila kuyumba, vizuri. Kisha kuruka mbele kwa mguu mmoja na kutua kwa mguu huohuo, mara tatu, unachukuliwa mruko mrefu zaidi. Mguu mzima: sentimita 120. Mguu ulioumia: 96. Gawanya, unapata asilimia 80. Wataalamu wengi hutaka angalau 90 kabla ya kuruhusu mchezo wenye kugeuka ghafla, na netiboli ni mchezo huo hasa, kwa sababu mchezaji haruhusiwi kukimbia na mpira: anadaka, anasimama ghafla, anazunguka kwa mguu mmoja.

Daktari akagawa ruhusa vipande viwili. Kukimbia kwenye mstari ulionyooka, ndiyo, kuanzia Jumatatu, dakika 10 kwanza, akiongeza kidogo kidogo kama asubuhi ya pili yake kifundo hakijavimba. Uvimbe wa asubuhi ndio kipimo ambacho yeye mwenyewe anaweza kukitazama kila siku bila kumwuliza mtu. Kuruka, kugeuka ghafla na mechi, bado, hadi tarehe 5 Septemba, apimwe tena mruko. Mkanda wa kukaza kifundo auvae akianza mazoezi ya timu na aendelee nao kwa miezi kadhaa.

Barua yake ya pili ilikuwa fupi, kwa sababu ya kwanza ilikuwa imeshamaliza kazi: "Rejea barua yangu ya tarehe 21 Julai. Daktari ameniruhusu kukimbia kwenye mstari ulionyooka kuanzia tarehe 25 Agosti, na ameongeza muda wa kutoruka na kutogeuka ghafla hadi tarehe 5 Septemba. Naomba nifanye jaribio la mita 100 pamoja na waliokosa, na jaribio la kuruka libaki limeahirishwa. Nimeambatisha pendekezo jipya."